Herufi Tatu Zikishapangwa

Daftari la mwanafunzi anayejiandaa kwa mashindano ya hisabati lina mstari mmoja unaojirudia. Swali linasema a, b na c ni namba zozote tatu zisizo hasi, kisha linamtaka athibitishe dai fulani juu yake. Naye, kabla hajafanya hesabu yoyote, anaandika: tuchukulie kwamba a ≥ b ≥ c. Baada ya hapo kazi inakwenda haraka, na baada ya mistari michache dai limethibitishwa.

Msomaji makini ana haki ya kusimama hapo na kuuliza. Swali halikusema a ndiyo kubwa kuliko zote. Lilisema namba zozote. Kama mwanafunzi amejiongezea sharti lake mwenyewe, basi alichothibitisha ni kitu kidogo kuliko alichoulizwa. Na kama hakujiongezea sharti, mstari ule una kazi gani?

Jibu ni kwamba mstari ule, unapotumiwa mahali pake, haupunguzi namba hata moja. Unachofanya ni kuamua namba ipi iitwe nani. Ila ruhusa hiyo haipatikani bure: hulipiwa na umbo la dai lenyewe. Madai mengine yanaitoa yote, mengine yanatoa nusu yake, na anayejichukulia zaidi ya alichopewa anaweza kuthibitisha uongo mtupu kwa hatua zinazoonekana safi. Ili tuone jinsi mambo yanavyokwenda, tushike dai moja maarufu na tulifuate mpaka mwisho.

Dai la Schur

Issai Schur alizaliwa mwaka 1875 mjini Mogilev, ambao leo uko Belarus. Alisoma na kufundisha Berlin, na jina lake linajulikana zaidi kwa kazi yake katika aljebra ya makundi. Serikali ya Wanazi ilimwondoa kazini kwa sababu alikuwa Myahudi. Akahamia Palestina, akafariki Tel Aviv mwaka 1941. Miongoni mwa vitu vidogo alivyoviacha nyuma limo dai hili, ambalo wanafunzi wa mashindano hulijua kwa moyo:

a(a−b)(a−c) + b(b−a)(b−c) + c(c−a)(c−b) ≥ 0

Maana yake ni kwamba, ukichukua namba tatu zisizo hasi na kufanya hesabu ya upande wa kushoto, hutapata kamwe jibu lililo chini ya sifuri. Vipande ni vitatu, na kila kimoja kimejengwa kwa namna ileile: namba yenyewe, mara tofauti yake na mwenzake mmoja, mara tofauti yake na mwenzake wa pili.

Tujaribu kwa namba. Tuseme a ni 7, b ni 4 na c ni 2. Kipande cha kwanza ni 7 × 3 × 5, yaani 105. Cha pili ni 4 × (−3) × 2, yaani −24. Cha tatu ni 2 × (−5) × (−2), yaani 20. Jumla ni 101, nayo imepita sifuri kwa mbali.

Sasa tubadilishe majina bila kubadilisha namba. Tuseme a ni 2, b ni 7 na c ni 4. Kipande cha kwanza kinakuwa 2 × (−5) × (−2), yaani 20. Cha pili ni 7 × 5 × 3, yaani 105. Cha tatu ni 4 × 2 × (−3), yaani −24. Jumla ni 101 tena, wala si kwa bahati. Ni vipande vilevile vitatu. Kilichobadilika ni viti walivyokalia. Namba 7 ilikuwa na kipande chake cha 105 ilipoitwa a, na imekwenda nacho ilipoitwa b.

Namba tatu tofauti zinaweza kugawiwa majina a, b na c kwa njia 6. Katika dai hili njia zote 6 zinatoa jumla moja. Dai la namna hiyo huitwa dai lenye ulinganifu: ukizibadilishana herufi zake kwa namna yoyote, linabaki lilelile.

Hapo ndipo ruhusa inapotoka. Mtu akikuletea namba zake tatu, zozote zile, lazima kuna iliyo kubwa kuliko nyingine au angalau isiyozidiwa, kuna iliyo ndogo, na inayobaki iko kati. Kwa kuwa jumla haitabadilika, unaweza kuiita ile kubwa a, ya kati b, na ndogo c. Aliyekuja na 2, 7 na 4 hajafukuzwa. Namba zake zimepewa majina mapya, na jibu lake ni lile lile la 101. Ukithibitisha dai kwa a ≥ b ≥ c, umemthibitishia yeye pia, pamoja na wenzake wote wa mipangilio mingine mitano. Zikitokea mbili kulingana, alama ≥ imeshalitazama jambo hilo, kwa sababu inakubali usawa.

Faida yake ni alama

Lakini kwa nini mtu ajisumbue kuzipanga? Kwa sababu kabla ya kuzipanga, hatujui lolote kuhusu alama za mabano. Tofauti (a−b) huenda ni chanya, huenda ni hasi. Vivyo hivyo (b−c) na (c−a). Ukianza bila mpangilio, unabaki na vipande vitatu usivyojua kipi kinasukuma jumla juu na kipi kinaivuta chini.

Ukishaandika a ≥ b ≥ c, giza linaondoka. Katika kipande cha kwanza, (a−b) na (a−c) zote si hasi, na a yenyewe si hasi; basi kipande chote si hasi. Katika cha tatu, (c−a) na (c−b) zote si chanya, na zao la namba mbili zisizo chanya si hasi. Ukizidisha na c isiyo hasi, nacho kipande hiki si hasi. Kinabaki cha pili. Humo (b−a) si chanya, ilhali (b−c) si hasi, kwa hiyo kipande chenyewe si chanya. Namba ya kati peke yake ndiyo inayoleta matatizo. Katika mfano wetu ilikuwa 4, na ndiyo iliyoleta −24 katika mpangilio wa kwanza na katika ule wa pili.

Kwa hiyo swali zima limegeuka kuwa swali moja la deni: kipande cha kati kinadaiwa, je, wenzake wanaweza kulipa? Na tena sasa tunajua wa kumwendea. Kipande cha kwanza na cha pili vina kigawo kinachofanana, kwani (b−a) ni (a−b) iliyogeuzwa alama. Tukikitoa nje ya mabano, vipande hivyo viwili kwa pamoja vinakuwa:

(a−b) × [a(a−c) − b(b−c)]

Tutazame ndani ya mabano makubwa. Upande mmoja una a mara (a−c). Upande wa pili una b mara (b−c). Lakini a si ndogo kuliko b, na (a−c) si ndogo kuliko (b−c), na hakuna kati ya hizo nne iliyo hasi. Zao la mbili kubwa haliwezi kuwa dogo kuliko zao la mbili ndogo. Basi kilichomo ndani ya mabano makubwa si hasi, na (a−b) nayo si hasi. Namba kubwa imelipa deni lote la namba ya kati. Kipande cha tatu, ambacho tulishaona kuwa si hasi, kinaongezwa juu yake, na jumla yote si hasi. Dai limethibitishwa.

Kwa namba zetu, kipande cha kwanza kilileta 105 na cha pili kikachukua 24, ikabaki 81. Kisha 20 za kipande cha tatu zikaingia, tukapata 101.

Inafaa kutazama pia ni wapi tulitumia sharti kwamba namba zisiwe hasi. Tulilitumia katika kipande cha tatu, tuliposema c si hasi, na tukalitumia tena tulipolinganisha yale mazao mawili. Sharti hilo si pambo. Chukua a na b zote sifuri, na c iwe −1. Vipande viwili vya kwanza ni sifuri, na cha tatu ni (−1) × (−1) × (−1), yaani −1. Jumla iko chini ya sifuri, na dai limeanguka. Kuzipanga herufi kunatupa habari za tofauti kati ya namba, lakini hakutuambii kitu kuhusu alama ya namba yenyewe. Hiyo lazima itoke katika swali.

Njia ya pili: tofauti ziwe herufi

Mpangilio ukishawekwa, kuna njia nyingine ya kuutumia. Haina ujanja mwingi, na ndiyo maana inafaa mtu anapokuwa amekwama. Tunaanza na namba ndogo, c, kisha tunazijenga nyingine juu yake. Namba ya kati ni c pamoja na nyongeza fulani, tuiite x. Kubwa ni ya kati pamoja na nyongeza nyingine, tuiite y. Yaani:

b = c + x
a = c + x + y

Hapa x na y si hasi. Mpangilio a ≥ b ≥ c haumaanishi kitu kingine zaidi ya hicho. Sasa tofauti zote zimekuwa nyepesi: (a−b) ni y, (b−c) ni x, na (a−c) ni x + y. Tukizitia katika dai la Schur, vipande vitatu vinasomeka hivi:

(c+x+y) · y · (x+y) − (c+x) · y · x + c · (x+y) · x

Tukifungua mabano na kukusanya vinavyofanana, tunabaki na:

c(x² + xy + y²) + y²(2x + y)

Itazame tena. Hakuna alama ya kutoa hata moja. Kila herufi iliyomo si hasi, kila kitu kinajumlishwa au kuzidishwa, basi jibu haliwezi kuwa chini ya sifuri. Kwa mfano wetu wa 7, 4 na 2, c ni 2, x ni 2 na y ni 3. Sehemu ya kwanza ni 2 × (4 + 6 + 9), yaani 38. Ya pili ni 9 × (4 + 3), yaani 63. Jumla ni 101, kama ilivyotakiwa.

Njia hii inatupa pia kitu ambacho ile ya kwanza iliacha kwenye kivuli: ni lini jumla inakuwa sifuri kamili? Kama y ni kubwa kuliko sifuri, basi y²(2x + y) ni kubwa kuliko sifuri, na jumla haiwezi kuwa sifuri. Kwa hiyo lazima y iwe sifuri, yaani a na b zilingane. Kinachobaki ni c mara x², nacho kinakuwa sifuri pale tu x ikiwa sifuri au c ikiwa sifuri. Hali ya kwanza inamaanisha namba zote tatu zinalingana. Ya pili inamaanisha mbili zinalingana na ya tatu ni sifuri, mfano 5, 5 na 0. Anayefanya kazi ya kuthibitisha madai huitafuta orodha hii mapema, kwa sababu njia yoyote inayopoteza hata kidogo mahali ambapo jumla ni sifuri haiwezi kufika mwisho. Dai la Schur linasumbua watu hasa kwa sababu ya ile hali ya pili. Wengi hukumbuka namba tatu zinazolingana na kuisahau 5, 5, 0.

Swali la Moscow

Mwaka 1964 Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ilifanyika Moscow. Swali la pili lilihusu pembetatu yenye pande a, b na c, na washindani walitakiwa kuthibitisha kwamba:

a²(b+c−a) + b²(c+a−b) + c²(a+b−c) ≤ 3abc

Ukiangalia juu juu, halifanani na dai la Schur. Lakini fungua mabano pande zote mbili. Upande wa kushoto wa Schur ukifunguliwa unatoa a³ + b³ + c³ + 3abc, halafu unaondoa vipande sita vya aina ya a²b, vile ambavyo herufi moja ina kipeo cha pili na nyingine haina. Upande wa kushoto wa swali la Moscow una vipande vilevile sita, ukiondoa a³ + b³ + c³. Kwa hiyo kusema kwamba 3abc haizidiwi na upande huo ni kusema neno kwa neno alichosema Schur.

Tupime kwa pembetatu ya pande 3, 4 na 5. Kushoto tunapata 9 × 6, jumlisha 16 × 4, jumlisha 25 × 2, yaani 54 + 64 + 50, ambayo ni 168. Kulia ni 3 × 60, yaani 180. Zimepishana kwa 12. Sasa tumia Schur kwa 5, 4 na 3: kipande cha kwanza 10, cha pili −4, cha tatu 6. Jumla ni 12, ile ile.

Dai la Moscow nalo lina ulinganifu, kwa hiyo ruhusa ya kuandika a ≥ b ≥ c ipo. Na kwa kuwa Schur hakuhitaji pembetatu, tunajua kitu ambacho swali halikukisema: dai hilo ni kweli kwa namba zozote zisizo hasi, hata zile zisizoweza kufunga pembetatu, kama 10, 1 na 1.

Uthibitisho safi wa jambo la uongo

Sasa twende upande wa hatari. Chukua dai hili:

a²b + b²c + c²a ≥ ab² + bc² + ca²

Mtu anaandika kama kawaida: tuchukulie a ≥ b ≥ c. Anapeleka kila kitu kushoto, anatafuta vigawo, na anagundua kwamba tofauti ya pande mbili ni:

(a−b)(b−c)(a−c)

Hilo ni kweli. Ukifungua mabano utapata vipande vyote sita. Mabano yote matatu si hasi kwa sababu ya mpangilio. Basi zao si hasi, na dai limethibitishwa. Kila hatua baada ya mstari wa kwanza ni sahihi.

Jaribu a iwe 1, b iwe 2 na c iwe 3. Kushoto ni 2 + 12 + 9, yaani 23. Kulia ni 4 + 18 + 3, yaani 25. Dai ni la uongo.

Kosa limekaa katika ule mstari wa kwanza ambao macho huuruka. Dai hili linaonekana kuwa na ulinganifu kwa sababu herufi zote tatu zimetendewa mambo yanayofanana: a inaifuata b, b inaifuata c, c inaifuata a. Lakini huo ni mzunguko tu. Ukizisogeza herufi zote hatua moja, a kuwa b, b kuwa c na c kuwa a, dai linabaki lilelile. Ukibadilishana a na b peke yake, huku c ikikaa palepale, upande wa kushoto unageuka kuwa upande wa kulia. Namba 3, 2 na 1 zikipewa majina kwa mpangilio huo zinaleta 25 kushoto na 23 kulia. Zikipewa majina kinyume chake, pande zinabadilishana. Majina yana uzito hapa, na aliyeandika a ≥ b ≥ c alikuwa ameongeza sharti la kweli.

Kuna kipimo kifupi cha kutambua jambo hili, na hakihitaji kujaribu mipangilio yote 6. Badilishana a na b, uone kama dai limebadilika. Kisha badilishana b na c, uone tena. Kama limebaki lilelile mara zote mbili, ulinganifu ni kamili, kwa sababu mpangilio wowote unaweza kufikiwa kwa kurudiarudia mabadilishano hayo mawili. Kama limebadilika hata mara moja, ruhusa ya kupanga zote tatu haipo.

Kipimo hicho kifanyiwe swali zima, pamoja na masharti yake. Dai lenyewe linaweza kuwa na ulinganifu kamili, lakini swali likasema a + b + c = 3, na hapo hakuna tatizo; au likasema a + 2b + 3c = 6, na hapo ruhusa imekwisha. Wengi hukagua dai na kusahau sharti lililoandikwa mstari mmoja juu yake.

Tena ruhusa ni ya mara moja. Ukishaandika a ≥ b ≥ c, herufi zimeshapewa kazi. Huwezi kufika katikati ya uthibitisho ukaandika kwamba, kwa ulinganifu uleule, tuchukulie c ndiyo iliyo karibu zaidi na a kuliko b. Namba iliyoitwa c imeshafungwa kuwa ndogo kuliko zote.

Nusu ya ruhusa, na kijana wa mwaka 1983

Dai la mzunguko halikuachi mikono mitupu. Kwa kuwa unaweza kuzisogeza herufi zote kwa pamoja, unaweza kuichukua namba kubwa, popote ilipo, na kuisogeza mpaka ikae kwenye a. Unaruhusiwa basi kuandika kwamba a ndiyo kubwa kuliko zote. Kati ya b na c, hujui ipi ni kubwa. Kwa kawaida unalazimika kugawa kazi katika sehemu mbili: kwanza b ≥ c, kisha c ≥ b, na kuthibitisha kila moja peke yake. Lile dai la uongo lingenaswa hapohapo, kwa sababu sehemu ya pili inaleta (b−c) iliyo hasi na zao lote linageuka.

Mfano maarufu wa jambo hili ni swali la sita la Olimpiadi ya Kimataifa ya mwaka 1983, iliyofanyika Paris. Pande za pembetatu ni a, b na c, na inatakiwa kuthibitisha kwamba:

a²b(a−b) + b²c(b−c) + c²a(c−a) ≥ 0

Ni dai la mzunguko, si la ulinganifu kamili, na pembetatu moja inatosha kulionyesha hilo. Chukua pande 4, 3 na 2. Ukiziita a, b na c kwa mpangilio huo, unapata 48 + 18 − 32, yaani 34. Ukiiita b 2 na c 3, unapata 64 − 12 − 36, yaani 16. Yote mawili si hasi, lakini si jibu moja, kwa hiyo aliyethibitisha mpangilio wa kwanza hajasema lolote kuhusu wa pili.

Bernhard Leeb, mshindani kutoka Ujerumani Magharibi, alipewa tuzo maalumu kwa jibu lake la swali hili. Aliandika upande wa kushoto upya hivi:

a(b−c)²(b+c−a) + b(a−b)(a−c)(a+b−c)

Kisha akatumia ruhusa aliyokuwa nayo, bila kuzidisha: a ndiyo kubwa kuliko zote. Tutazame kinachotokea. Katika kipande cha kwanza, (b−c) imepewa kipeo cha pili, kwa hiyo si hasi hata tusipojua ipi kati ya b na c ni kubwa. Mabano (b+c−a) ni chanya kwa sababu pande mbili za pembetatu zikijumlishwa huzidi ya tatu. Katika kipande cha pili, (a−b) na (a−c) si hasi kwa kuwa a ni kubwa kuliko zote, na (a+b−c) ni chanya kwa sababu ileile ya pembetatu. Vipande vyote viwili si hasi, na hakuna haja ya kugawa kazi sehemu mbili.

Pima kwa pembetatu yetu. Kwa 4, 3, 2 unapata 4 × 1 × 1, jumlisha 3 × 1 × 2 × 5, yaani 4 + 30, ambayo ni 34. Kwa 4, 2, 3 unapata 4 × 1 × 1, jumlisha 2 × 2 × 1 × 3, yaani 4 + 12, ambayo ni 16. Majibu ni yale yale.

Uzuri wa jibu la Leeb ni kwamba lilifuata ukubwa wa ruhusa iliyopo. Tofauti mbili ambazo alama zake zilijulikana, (a−b) na (a−c), ziliachwa zilivyo. Tofauti moja ambayo alama yake haikujulikana, (b−c), ilifungwa ndani ya kipeo cha pili, mahali ambapo alama haina madhara. Kwa Schur, ambako ruhusa ni kamili, kifungo hicho hakikuhitajika, na ndiyo maana mgao wa vigawo ulitosha. Mtu anayekaa na dai jipya la herufi tatu anaweza basi kuanza kwa mabadilishano mawili, a na b, kisha b na c. Matokeo yake yatamwambia tofauti zipi atazijua alama, na ipi italazimika kutafutiwa kipeo cha pili au kugawiwa sehemu mbili.